Waliosajiliwa 90, waliofanya 66: asilimia ya kufaulu igawiwe kwa nani?

Kila matokeo ya moko, mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa, yanapobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa skuli, macho ya watu huenda kwenye namba mbili tu: wastani na asilimia ya waliofaulu. Namba hizo zikipanda kuliko mwaka uliopita, walimu hupongezwa. Zikishuka, huitishwa kikao. Lakini namba zote mbili zimetokana na kugawanya, na mara nyingi hakuna anayeuliza zimegawiwa kwa nani: kwa watoto wote walioandikishwa kufanya mtihani, au kwa wale tu waliokaa kwenye dawati siku ile?

Tuchukue skuli moja ya mfano huko Micheweni, Pemba, na somo moja, Hisabati ya kidato cha nne. Tunatumia moko kwa sababu hapo skuli inazo maksi zenyewe, 0 hadi 100. Mtihani wa taifa humrudishia mtahiniwa daraja, A mpaka F, si maksi, kwa hiyo wastani wa maksi hauwezi kupigwa na skuli. Kufaulu tutakuhesabu kwa kipimo kile kile cha kidato cha nne: D inaanzia 30, chini ya hapo ni F.

Mwaka wa kwanza waliosajiliwa ni 90, waliofanya 84, waliofaulu 42. Mwaka wa pili waliosajiliwa ni 90 tena, waliofanya 66, waliofaulu 38.

Ukigawa kwa waliofanya, mwaka wa kwanza unapata 42 kwa 84, yaani asilimia 50. Mwaka wa pili unapata 38 kwa 66, asilimia 57.6. Skuli imepanda kwa zaidi ya pointi saba. Ukigawa kwa waliosajiliwa, mwaka wa kwanza unapata asilimia 46.7 na mwaka wa pili 42.2. Skuli imeshuka kwa zaidi ya pointi nne. Daftari ni lile lile, maksi ni zile zile, na hakuna aliyedanganya katika kujumlisha. Kilichobadilika ni namba ya chini tu, ile ya kugawia.

Sasa angalia jambo ambalo asilimia zote mbili zinalificha mpaka ulitafute: waliofaulu wenyewe walikuwa 42, wakawa 38. Watoto wanne pungufu wameivuka 30. Ubao unasema "faulu imepanda" katika mwaka ambao waliofaulu wamepungua. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kuitafuta kila unapoona asilimia iliyopanda ghafla: usisome asilimia kabla ya kusoma idadi ya vichwa.

Kwa nini inatokea hivi? Mtoto asiyefika anatoka chini ya mstari wa kugawia, lakini juu ya mstari hakuwa na mchango wowote wa kuondoa. Kama wengi wa wasiofika ni wale ambao wangepata F, basi kutokuja kwao kunaondoa F bila kumfundisha mtu hata hesabu moja ya sehemu. Kugawa kwa waliofanya ni sawa na kusema kimyakimya kwamba wale 24 wangefanya, wangefaulu kwa kiwango kile kile cha wenzao, 57.6 kati ya kila 100. Hakuna aliyeitamka dhana hiyo, lakini ipo ndani ya hesabu.

Dhana hiyo inaweza kupimwa, na kila skuli ina kifaa cha kuipimia: maksi za mtihani wa mwisho wa kidato cha tatu. Chukua majina ya wasiofanya moko, urudi kwenye karatasi ya mwaka uliopita. Katika mfano wetu, kati ya 24, majina 20 yana maksi za Hisabati za kidato cha tatu, na wanne hawana hata huko. Wastani wa hao 20 ulikuwa 21, na waliofikia 30 walikuwa wanne tu. Wastani wa kidato cha tatu wa wale 66 waliofanya moko ulikuwa 34, na waliofikia 30 walikuwa 36. Kwa hiyo waliokosa mtihani hawafanani na waliofanya. Mmoja katika watano alikuwa anafaulu, wakati kwa wenzao ni zaidi ya nusu.

Ukikadiria kwamba mmoja katika kila watano wa hao 24 angefaulu, unapata watoto watano hivi. Waongeze kwenye 38 wawe 43, ugawe kwa 90, unapata asilimia 47.8. Fanya vivyo hivyo kwa sita waliokosa mwaka wa kwanza: mmoja angefaulu, 42 wawe 43, kwa 90, ni 47.8 tena. Kama makadirio haya yako karibu na ukweli, basi ufundishaji wa Hisabati katika skuli hii haukupanda wala haukushuka. Kilichozidi ni utoro siku ya mtihani.

Hapa inafaa tuseme wazi tunavyoona sisi. Asilimia ya kufaulu igawiwe kwa waliosajiliwa. Sababu si ukali. Sentensi "kati ya 90 waliosajiliwa, 38 wamefaulu" ni kweli tupu, haina dhana ndani yake: asiyefanya hakufaulu, basi. Haisemi kwamba hajui, inasema hana ufaulu mkononi. Asilimia ya waliofanya nayo ina kazi yake, kwa mfano mwalimu wa somo akitaka kujua waliokaa darasani wameelewa kiasi gani, lakini isitangazwe peke yake.

Wastani ni kesi nyingine, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa nia njema. Wakishaelewa kwamba wasiofanya wasipotezwe, huwaandikia sifuri. Mwaka wa pili, waliofanya 66 walipata wastani wa 38, maana yake jumla ya maksi 2,508. Ukiingiza sifuri 24 na kugawa kwa 90, wastani unaanguka hadi 27.9. Mwaka wa kwanza, waliofanya 84 walipata wastani wa 35, jumla 2,940. Kwa 90 unapata 32.7. Kwa waliofanya, wastani umepanda kwa maksi tatu. Kwa sifuri, umeshuka karibu maksi tano. Na yote mawili yanapotosha.

Sifuri ni maksi. Inasema mtoto alikaa, akapewa karatasi, akaandika, na msahihishaji hakukuta hata nukta moja ya kumpa. Asiyekuja hana maksi. Kumpa sifuri ni kutunga kipimo ambacho hakikufanyika. Kwenye asilimia ya kufaulu tunauliza "ana ufaulu au hana", na jibu la asiyekuja linajulikana. Kwenye wastani tunauliza "amepata ngapi", na jibu lake halipo. Ndiyo maana namba ya kugawia inayofaa kwa asilimia haifai kwa wastani. Wastani upigwe kwa waliofanya tu, na papo hapo pembeni yake iandikwe idadi yao.

Ukitaka kulinganisha wastani wa miaka miwili ambayo mahudhurio yake yanatofautiana sana kama hapa, tumia tena maksi za kidato cha tatu. Waliofanya walipanda kutoka 34 hadi 38, yaani maksi nne. Wape wasiofanya kupanda huko huko: 21 ijumlishe 4, unapata 25. Kisha changanya kwa idadi zao:

```
(66 × 38 + 24 × 25) / 90 = 34.5
(84 × 35 +  6 × 25) / 90 = 34.3
```

Mstari wa juu ni mwaka wa pili, wa chini ni mwaka wa kwanza, na kwa waliokosa mwaka wa kwanza tumechukua 25 ile ile. Tofauti ni 0.2 ya maksi tu, yaani hakuna tofauti. Haya ni makadirio na yaitwe makadirio, yasiingizwe kwenye taarifa rasmi kama maksi za watoto. Pia yanategemea kwamba wanne wasio na maksi za kidato cha tatu wanafanana na wale 20, na huenda wakawa dhaifu zaidi, kwa sababu mtoto aliyekosa mitihani miwili mfululizo kwa kawaida amekosa na masomo mengi. Hata hivyo makadirio haya yanatosha kumzuia mtu asisimame mbele ya kamati ya skuli akatangaza maendeleo ambayo hayapo.

Mwelekeo nao si lazima uwe wa kupandisha. Skuli ndogo yenye watahiniwa 20 ikimkosa mtoto wake bora kwa homa, wastani wa waliofanya utashuka, na asilimia ya waliofanya itashuka pia. Ndiyo maana hatusemi "punguza kidogo namba za waliofanya". Tunasema rudi kwenye majina.

Makosa mengi huanzia kwenye Excel, kabla hata ya mtu kuamua agawe kwa nani. Walimu watatu wakipewa faili moja, mmoja ataacha kisanduku cha asiyefanya kikiwa wazi, wa pili ataandika ABS, wa tatu ataandika 0. `AVERAGE` hukiruka kisanduku kilicho wazi na hukiruka chenye herufi, lakini 0 huihesabu. Basi faili tatu zikiunganishwa wilayani, skuli mbili zitakuwa na wastani wa waliofanya na moja itakuwa na wastani wa waliosajiliwa, na jedwali litazipanga kama kitu kimoja. Skuli ya mwalimu wa tatu itakwenda chini kwa sababu ya kibodi.

Kanuni iwe moja: asiyefanya aandikwe ABS, na 0 ibaki kwa aliyefanya akapata sifuri kweli. Kisanduku cheupe kiwe na maana moja tu, kwamba maksi bado haijaingizwa. Majina yakiwa safu ya B na maksi safu ya C, watoto 90 kuanzia mstari wa 2:

```
=COUNTA(B2:B91)
=COUNT(C2:C91)
=COUNTIF(C2:C91,"ABS")
=COUNTIF(C2:C91,">=30")
=AVERAGE(C2:C91)
```

Ya kwanza ni waliosajiliwa, ya pili waliofanya, ya tatu wasiofanya, ya nne waliofaulu, ya tano wastani wa waliofanya. Kabla ya kugawanya chochote, jumlisha ya pili na ya tatu. Jibu lisipolingana na la kwanza, kuna tatizo, na mara nyingi ni moja kati ya mawili: maksi ambazo hazijaingizwa, au maksi iliyoandikwa kama maneno. Hilo la pili ni la kificho. Mwalimu akiandika 45 kwa kuanza na alama ya ' au akinakili kutoka kwenye ujumbe wa simu, macho yanaona 45 lakini `COUNT` na `AVERAGE` hazioni kitu. Mtoto aliyefaulu anageuka kuwa hayupo. Dalili yake ni namba iliyokaa upande wa kushoto wa kisanduku wakati wenzake wamekaa kulia.

Wakati wa kuunganisha skuli linatokea jingine, nalo halihitaji maneno mengi. Skuli yetu ina wastani wa 38 kwa waliofanya 66. Skuli jirani ina wastani wa 52, lakini waliofanya ni 12 kati ya 40 waliosajiliwa. Ukijumlisha 38 na 52 ukagawa kwa mbili, unapata 45. Ukijumlisha maksi zenyewe, 2,508 na 624, ukagawa kwa vichwa 78, unapata 40.2. Njia ya kwanza imempa kila mtoto wa skuli jirani uzito wa watoto watano na nusu wa skuli ya kwanza, na skuli iliyowakosa 28 kati ya 40 ndiyo iliyoupandisha wastani wa wilaya.

Anayesoma matokeo ya taifa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania ana bahati zaidi, kwa sababu vichwa vyote vimewekwa hapo. Chini ya ukurasa wa kila kituo kuna jedwali la madaraja lenye safu za waliosajiliwa, ABSENT yaani wasiofanya, SAT yaani waliofanya, waliozuiliwa matokeo, na CLEAN, yaani wenye matokeo kamili. Jedwali la masomo lina REG yaani waliosajiliwa, SAT, CLEAN, na PASS yaani waliofaulu, kwa kila somo. Asilimia zinazotangazwa kwa kawaida ni za wenye matokeo. Ukitaka ya waliosajiliwa, chukua PASS ugawe kwa REG mwenyewe. GPA ya somo nayo ni wastani wa madaraja, A ikiwa 1 na F ikiwa 5, kwa hiyo ndogo ndiyo nzuri, na asiyefanya hana daraja la kuingia humo. Somo likiwa na pengo kubwa kati ya REG na CLEAN, GPA yake iangalie kwa tahadhari ile ile.

Kwenye jedwali hilo la masomo ndipo utakapojua pia kwa nini watoto hawakufanya, au angalau utakapoanzia. Turudi kwenye mfano wetu. Hisabati walifanya 66. Lakini Kiswahili, siku nyingine ya wiki hiyo hiyo, walifanya 79. Ukilinganisha majina, unakuta 11 hawakufika kabisa wiki nzima, na 13 walifika skuli, wakafanya Kiswahili, na siku ya Hisabati wakabaki nyumbani. Hayo ni makundi mawili tofauti, na kuyaita yote "utoro" ni kupoteza habari ambayo tayari umeishika.

Wale 11 ni wa kutafutwa majumbani. Moko ikiangukia msimu wa karafuu, wapo waliomo mashambani wanachuma au wanachambua kwa pishi, kwa sababu fedha hiyo ndiyo itakayonunua hata sare. Wapo waliokwenda dago na wavuvi, na hao hawarudi kwa barua ya mwalimu mkuu mpaka bahari iwarudishe. Yupo aliyeolewa, yupo mgonjwa. Na yupo aliyehamia Unguja tangu mwezi wa pili na jina lake bado limo. Huyu wa mwisho ndiye pekee anayestahili kutolewa kwenye 90, na atolewe tu ikiwa skuli aliyohamia imethibitisha kwamba yumo kwenye orodha yao. La sivyo ataanguka kati ya skuli mbili, kila moja ikidhani anahesabiwa na nyenzake.

Wale 13 hawana karafuu wala dago. Wameikimbia Hisabati. Rudi tena kwenye kidato cha tatu uone kama maksi zao ni 5, 8, 12, au kama wapo wa 28 na 35 waliokuwa mlangoni mwa kufaulu. Kama wote ni wa chini kabisa, kuna swali ambalo mkaguzi hana budi kuliuliza kwa upole lakini asiliache: je, walibaki wenyewe, au kuna aliyewaambia wabaki? Maadamu skuli zinapangwa kwa asilimia ya waliofanya, kumwambia mtoto dhaifu "wewe pumzika kesho" kunapandisha nafasi ya skuli haraka kuliko mwezi mzima wa kufundisha aljebra. Skuli zikipangwa kwa asilimia ya waliosajiliwa, faida hiyo inakufa palepale, na mwalimu mkuu anakuwa na sababu ya kumpigia simu mzazi saa moja asubuhi mtoto asipoonekana.

Kwenye ubao, mstari mmoja unatosha kubeba yote haya bila kumchosha mzazi: "Hisabati: waliosajiliwa 90, waliofanya 66, waliofaulu 38. Faulu ni asilimia 42 ya waliosajiliwa. Wastani ni 38 kwa waliofanya 66." Mwaka unaofuata uandikwe chini yake kwa mpangilio huo huo, na mtu yeyote mwenye kalamu ataweza kuzirudia hesabu.

Hata 90 yenyewe ina mpaka wake. Usajili wa mtihani hufanyika baada ya watoto wengine kuwa wameshapotea njiani, wakati wa mtihani wa kidato cha pili na baadaye. Tuseme darasa hili lilianza kidato cha kwanza likiwa na watoto 118, na hakuna aliyehamia skuli nyingine. Waliofaulu 38 kwa 118 ni asilimia 32.2. Wale 28 waliotoka kabla ya usajili hawamo kwenye REG, hawamo kwenye ABS, na hakuna fomula ya Excel itakayowaona. Majina yao yapo kwenye daftari la mahudhurio la kidato cha kwanza, ambalo kwa kawaida liko juu ya kabati ofisini, na kuyasoma huchukua kama nusu saa.